Muuguzi wa Kigoma anayetaka kazi Uingereza ajipange hivi

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

WAUGUZI wengi wanaotamani kwenda kufanya kazi Uingereza huanza safari yao kwa kumtafuta wakala. Hapo ndipo wengine hupoteza fedha zao kabla hata hawajavuka Malagarasi. Safari hii huanzia katika kabati la vyeti nyumbani, iwe Ujiji, Mwanga au Kasulu, na mpangilio wa hatua ndio unaoamua nani atafika na nani atabaki na madeni.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Kwa sababu hiyo, kanuni za Uingereza zinakataza waajiri na mawakala wa huko kuja kuwasaka wauguzi wetu. Hata hivyo, muuguzi hakatazwi kuomba mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri kazi iliyotangazwa. Kwa hiyo mtu anayefika katika mji wetu akidai ametumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya wauguzi, ama anavunja kanuni hizo, ama ni tapeli.

Kadhalika, tangu Julai 2025 Uingereza imefunga mlango wa kuajiri kutoka nje wahudumu wa kulea wazee. Anayeuza nafasi hizo leo kwa mtu aliye Kigoma anauza kitu ambacho hakipo.

Vyeti kwanza, mitihani baadaye

Tuchukue mfano wa muuguzi mwenye stashahada, aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ambaye anafanya kazi katika hospitali moja mkoani hapa. Kwenye cheti cha kidato cha nne ana majina mawili. Kwenye leseni ana matatu. Kitambulisho cha Taifa kina jina la babu lililoandikwa kwa herufi tofauti. Hapa nyumbani hakuna aliyewahi kumuuliza. Lakini Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC, hulinganisha pasipoti na nyaraka nyingine, na tofauti ya namna hiyo husimamisha maombi hadi itolewe maelezo ya kisheria. Dawa yake ni kusahihisha majina hapa nchini, au kuandaa hati ya kiapo, kabla ya kulipia chochote.

Pasipoti nayo ina mambo yake katika mkoa huu. Kwa kuwa Kigoma inapakana na Burundi na Kongo, mwombaji hutarajiwa kueleza kwa undani uraia wa wazazi wake. Asiye na cheti cha kuzaliwa cha mzazi aanze kukitafuta mapema, kwa maana jambo hilo linaweza kuchukua muda mrefu kuliko mtihani wowote.

Baada ya hapo ndipo mwombaji afungue akaunti katika tovuti ya NMC. Uthibitisho wa usajili hautolewi mkononi kwa mwombaji. Hutumwa na baraza letu moja kwa moja kwa baraza la Uingereza. Atahitaji pia cheti cha tabia njema kutoka Polisi.

Mtihani wa Kiingereza una mtego wa tarehe. Katika mtihani wa IELTS, NMC hutaka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Matokeo hudumu miaka miwili tu. Mtu akikimbilia Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, akafanya mtihani huo wakati pasipoti na majina bado vina kasoro, anaweza kukuta matokeo yamekwisha muda kabla hajaajiriwa. Atalazimika kulipa na kusafiri upya. Vivyo hivyo kwa mtihani wa kompyuta wa NMC, wenye sehemu ya hesabu za dawa na sehemu ya uuguzi.

Akipata mwajiri, ahakikishe jina lake limo katika orodha ya waajiri wenye kibali cha udhamini, inayochapishwa na serikali ya Uingereza. Kisha asome mkataba hadi mwisho, hasa kifungu kinachomtaka arudishe gharama endapo ataacha kazi mapema. Kiasi, na jinsi kinavyopungua kadiri miezi inavyopita, viandikwe wazi.

Utamaduni wa kazi nao hutahiniwa

Mtihani wa mwisho, uitwao OSCE, hufanyika Uingereza kwa vitendo, katika vituo 10. Kwa mujibu wa masharti ya viza, jaribio la kwanza lifanyike ndani ya wiki 12 tangu kuanza kazi, na muuguzi awe amefaulu ndani ya miezi minane. Akishindwa, udhamini wake unaweza kusitishwa na akalazimika kurudi.

Wengi hudhani kinachopimwa ni ufundi wa mikono peke yake. Muuguzi wetu anajua kuchoma sindano na kufunga kidonda. Kinachomwangusha mara nyingi ni kuanza kazi bila kujitaja jina, bila kuuliza jina na tarehe ya kuzaliwa ya mgonjwa na kuvilinganisha na bangili ya mkononi, na bila kuomba ridhaa yake. Hapa kwetu, kumwita mgonjwa "mama" au "mzee" ni heshima. Huko anapaswa kumuuliza angependa aitwe nani.

Aidha, katika wodi zetu ndugu ndio humwogesha na kumlisha mgonjwa. Huko kazi hiyo ni ya wodi, na muuguzi asiione kuwa ya kumdhalilisha. Kubwa zaidi ni kusema. Akiona daktari ameandika dozi yenye mashaka, anatakiwa kumuuliza papo hapo, kisha aandike alichofanya. Ukimya ambao hapa huitwa adabu, huko huhesabiwa kuwa uzembe. Mazoezi ya haya yanaweza kuanza leo katika wodi yoyote ya Kigoma.

Upweke una saa zake

Desemba jijini London jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Muuguzi wa zamu ya mchana huingia gizani na kutoka gizani. Akimaliza kazi saa mbili usiku, Kigoma ni saa tano usiku na watu wamelala. Hivyo siku za zamu ndefu hupita bila kusikia Kiswahili wala Kiha.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka apange na familia siku na saa ya kupigiana simu kwa kufuata ratiba ya zamu, badala ya kusubiri nafasi ipatikane. Akubaliane nao pia kiasi cha fedha atakachotuma kila mwezi, na miezi ya mwanzo ambayo hatatuma, maana atakuwa akilipa pango na kununua nguo za baridi. Pasipo makubaliano hayo, kila simu hugeuka kuwa ombi la fedha, naye huanza kuzikwepa simu zenyewe. Anayefikia hapo amebaki peke yake kweli.

Dalili za kuangalia ni kukosa usingizi hata siku ya mapumziko, kuacha kupika na kuacha kupokea simu za nyumbani. Zikidumu wiki mbili, aende kwa daktari wake wa mtaa, ambaye anapaswa kujiandikisha kwake mara afikapo, wala asingoje hadi augue.