Urefu, daraja na msongamano wa mito katika kidakio

Kidakio ni eneo lote ambalo maji yake ya mvua huteremka na kutokea mahali pamoja. Mito na vijito vilivyotanda ndani yake huelezwa kwa vipimo vitatu. Urefu ni jumla ya kilomita za mikondo yote. Daraja ni cheo cha kila mkondo katika ukoo wa mto, kuanzia kijito kisichopokea kijito kingine. Msongamano ni urefu wa mikondo yote ukigawanywa kwa eneo la kidakio. Kipimo hiki cha mwisho kilitolewa na mhandisi Mmarekani Robert Horton mwaka 1932. Mwaka 1945 alieleza pia madaraja, na Arthur Strahler akayarahisisha mwaka 1952 kuwa kama yanavyotumika leo.

Zamani mistari ya mito ilipimwa kwenye ramani ya karatasi kwa kigurudumu kidogo. Sasa kompyuta huichora yenyewe kutokana na data ya mwinuko, mara nyingi ile ya SRTM iliyokusanywa na rada ya chombo cha anga Februari 2000, ambayo pikseli yake ina upana wa mita 30 hivi. Kwanza mashimo ya uongo katika data hushughulikiwa ili maji yasikwame humo. Kisha kila pikseli huelekezewa jirani yake ambako mteremko ni mkali zaidi, na kila moja huhesabiwa ni pikseli ngapi zinazoiteremshia maji. Pikseli iliyofikisha idadi fulani huitwa mto. Idadi hiyo ndiyo kizingiti, na huchaguliwa na mtu. Tarakimu zote zinazofuata huzaliwa na uchaguzi huo.

Tuchukue kidakio cha mfano chenye kilomita za mraba 12, cha aina ya miteremko inayolisha mto Ngerengere chini ya milima ya Uluguru. Data imehamishiwa kwenye makadirio ya UTM kanda ya 37 Kusini, yaani `EPSG:32737`, kwa pikseli za mita 30 kwa 30. Katika programu ya GRASS kazi huenda hivi:

```
g.extension extension=r.stream.order
g.region raster=dem
r.watershed -s elevation=dem accumulation=acc
r.stream.extract elevation=dem accumulation=acc threshold=500 stream_raster=mito stream_vector=mito direction=dir
r.stream.order stream_rast=mito direction=dir strahler=daraja
```

Pikseli moja ni mita za mraba 900, kwa hiyo kizingiti cha pikseli 500 ni kilomita za mraba 0.45. Maana yake ni kwamba kijito hakianzi mpaka kimekusanya maji ya eneo la ukubwa huo. Tuseme vimetokea vyanzo saba. Vijito vyote saba ni vya daraja la 1. Wawili wa daraja moja wakikutana, mkondo unaoendelea hupanda daraja. Mdogo akimwingia mkubwa, mkubwa habadiliki. Vijito viwili vya kwanza vinakutana na kuwa mkondo wa daraja la 2. Cha tatu kinauingia huo na kuuacha palepale kwenye la 2. Cha nne na cha tano vinafanya mkondo mwingine wa daraja la 2. Mikondo hiyo miwili inapokutana hupatikana daraja la 3, na vijito viwili vilivyobaki vinaingia humo kimoja kimoja bila kulibadili. Kidakio hiki basi ni cha daraja la 3.

Katika kuhesabu mikondo watu wengi huteleza. Programu hukata mstari kila penye makutano, kwa hiyo jedwali la mfano wetu litaonyesha vipande 13: saba vya daraja la 1, vitatu vya la 2 na vitatu vya la 3. Lakini mikondo ni saba, miwili na mmoja. Anayehesabu safu za jedwali atasema kila mkondo wa daraja la 2 una vijito 7/3, wakati uwiano sahihi ni 7/2, yaani 3.5. Njia ya kujihakiki ni rahisi: vyanzo vikiwa saba na kila makutano yakiwa ya mikondo miwili, vipande havina budi kuwa 2 × 7 − 1. Daraja la juu kabisa nalo linapaswa kuwa na mkondo mmoja tu. Vipande vya mkondo mmoja huunganishwa kwanza, ndipo wastani wa urefu ukokotolewe.

Urefu wenyewe hujumlishwa kwa daraja. Katika mfano wetu la 1 lina kilomita 8.4, la 2 lina 4.2 na la 3 lina 5.4, jumla ni 18.

```
D = L / A = 18 / 12 = 1.5 km/km²
```

Horton alionyesha kwamba nusu ya kinyume cha msongamano, `1 / (2D)`, hukadiria wastani wa njia ya maji juu ya ardhi kabla ya kufika kwenye mkondo. Hapa ni mita 333. Namba hiyo huifanya 1.5 ishikike: mtu anaweza kusimama shambani na kuuliza kama kweli kijito kiko umbali huo.

Sasa tupandishe kizingiti hadi pikseli 2,000, bila kugusa kitu kingine. Tuseme vimebaki vyanzo vitatu na kilomita 10.8 za mito. Msongamano umeshuka hadi 0.9, daraja la kidakio limekuwa 2, na njia ya maji imerefuka hadi mita 556. Mvua, udongo na mteremko ni vilevile. Ndiyo sababu kulinganisha vidakio viwili vilivyochorwa kwa vizingiti tofauti ni kosa, na msongamano usioandikiwa kizingiti wala ukubwa wa pikseli haufai kutumika.

Kizingiti kizuri hutafutwa kwa ushahidi. Mistari huwekwa juu ya ramani ya 1:50,000 au picha ya satelaiti: vyanzo vikianzia juu ya mabega ya vilima ambako kontua hazijakunjika, kizingiti ni kidogo mno; mabonde yenye kontua zilizokunjwa wazi yakibaki matupu, ni kikubwa mno. Njia nyingine, iliyoelezwa na Tarboton na wenzake mwaka 1991, ni kujaribu vizingiti kadhaa na kuchukua kidogo kabisa ambacho bado vijito vya daraja la 1 vinashuka mwinuko ule ule, kwa wastani, na mikondo ya madaraja ya juu.

Makosa mengine hujionyesha yenyewe. Jumla ya urefu ikisoma 0.16 badala ya kilomita 18, tabaka liko katika nyuzi. Katika QGIS, `length($geometry)` hupima kwa vizio vya tabaka lenyewe, ilhali `$length` hufuata umbo la dunia lililowekwa kwenye mradi. Katika GRASS, namba hasi kwenye mkusanyiko wa `r.watershed` ni onyo kwamba huenda maji yanaingia kutoka nje ya data. Hapo kidakio kimekatwa juu, na daraja linaweza kutoka dogo kuliko lilivyo. Data ikatwe upya kwa upana unaovuka mgongo wa maji pande zote.

Mistari pia hupinda kwa ngazi, kwa kuwa maji huruhusiwa mielekeo minane tu. Mto ulionyooka kwa pembe ya nyuzi 22.5 kutoka kwenye safu za pikseli hurefushwa kwa takriban asilimia 8. Kwa upande mwingine, mapindo ya mto yaliyo madogo kuliko mita 30 hupotea kabisa. Na penye tambarare, kama uso wa bwawa la Mindu hapo Ngerengere, programu ikijaza mashimo huchora mistari iliyonyooka inayokwenda sambamba kama matuta ya shamba. Hiyo si mito. Hufutwa na kubakizwa mstari mmoja unaopita katikati ya bwawa, kisha madaraja yakokotolewe upya, maana mistari miwili ya uongo inayokutana ndani ya maji hutosha kuupandisha mto wote wa chini daraja zima.