Mwanga wa Uso katika Chumba cha Giza: Uchunguzi wa Picha ya Waombolezaji wa Deleitosa, 1950

Katika enzi ya filamu, picha ya uso haikukamilika pale kamera ilipofyatuliwa. Ilikamilika katika chumba cha giza, ambako mchapaji alikuwa na njia mbili za kuurekebisha mwanga. Njia ya kwanza ni kuzuia: kijikaratasi kilichofungwa kwenye waya hupitishwa kati ya lenzi ya mashine ya kukuzia na karatasi ya picha, na sehemu iliyokingwa hutoka nyeupe zaidi. Njia ya pili ni kuunguza: mwanga wa ziada hupitishwa katika tundu la kadi, na sehemu inayopigwa na mwanga huo hutoka nyeusi zaidi.

Chukulia uso unaohitaji mwanga wa sekunde 20. Vishimo vya macho vikikingwa kwa sekunde 3 kati ya hizo, kivuli hulegea bila kutoweka. Shavu linalong'aa mno likiongezewa sekunde 8, mviringo wa uso hujitokeza. Kadi haina budi kusogezwa muda wote, kwani ikitulia huacha mpaka unaoonekana. Anayezidisha hujulikana kwa ukungu mweupe kandokando ya nywele na kwa vivuli vya kijivu visivyo na uhai. Aidha, kuzuia hakuwezi kuumba kile ambacho negativu haikukinasa.

Kikomo hicho ndicho kinachoipa uzito kazi ya Mmarekani W. Eugene Smith. Mwaka 1950 alipiga picha katika kijiji cha Deleitosa, Uhispania, na tarehe 9 Aprili 1951 jarida la Life likazichapisha. Mojawapo inaonyesha wanawake waliozunguka maiti, nyuso zao zikichomoza katika giza. Katika negativu, wanawake wawili walikuwa wakiitazama kamera. Smith alichapa macho yao yakiwa meusi, kisha kwa brashi nyembamba akapaka dawa ya kufifisha weusi na kuumba weupe mpya wa macho. Hivyo wakaonekana wakitazama kwingine.

Hapa pana tofauti ambayo mhakiki hana budi kuizingatia. Kuzuia na kuunguza hubadili kiasi cha mwanga juu ya umbo lililokuwapo. Shavu hubaki shavu. Brashi ya Smith ilibadili jambo lililotendeka, yaani mahali walipotazama wafiwa mbele ya mgeni mwenye kamera. Anayeitumia picha hiyo kama ushahidi wa matanga ya Deleitosa hupoteza habari moja muhimu: kwamba uwepo wa mpigapicha ulihisiwa chumbani.

Kwa hiyo, nakala iliyochapishwa haitoshi kuwa hati ya kihistoria. Pale negativu inapopatikana, ilinganishwe na nakala, na swali la kwanza liwe iwapo umbo lililoangazwa lilikuwamo kabla ya mkono wa mchapaji kufika.