LTPO: Namba ya chini iliyowaumbua wauza simu

Kwenye maduka ya simu yaliyo jirani na stendi ya Nyegezi, jijini Mwanza, sifa ya kioo ni moja: 120 Hz. Maana yake picha huchorwa upya mara 120 kila sekunde, na ndiyo sababu maandishi huteleza laini chini ya kidole. Namba ya pili haitajwi, ile ambayo kioo hushukia picha ikitulia. Betri inaijua vizuri zaidi, na Februari 2022 namba hiyo iliitia aibu kampuni kubwa.

Mwezi huo Samsung ilizindua simu tatu za Galaxy S22. Kwenye karatasi za sifa, S22 na S22+ ziliandikiwa kuwa vioo vyake hushuka kutoka 120 Hz hadi 10 Hz. Mchambuzi wa soko la vioo, Ross Young, akasema haiwezekani, kwa kuwa simu hizo mbili hazina kioo cha LTPO. Aliyenacho ni kaka yao mkubwa tu, S22 Ultra, anayeshuka hadi 1 Hz. Haukupita muda mrefu, karatasi zikabadilishwa: 48 hadi 120 Hz. Kampuni ikaeleza kwamba kioo chenyewe kinaishia 48, ila teknolojia yake inaweza kupunguza kasi ya kupeleka data kutoka kwenye prosesa hadi 10 Hz, na hivyo kuokoa umeme. Huenda ni kweli. Lakini mnunuzi aliyesoma neno kioo alielewa kioo, si njia ya data.

Kwa nini kushuka huko kusiwezekane kwa programu tu? Ndani ya kila pikseli kuna kapasita ndogo inayoshika volti, na volti hiyo ndiyo huamua mwanga uwe mkali kiasi gani. Kwa miaka mingi simu nzuri zimetumia transista za silikoni. Zina kasi, lakini zinavujisha chaji kama ndoo yenye tundu, kwa hiyo pikseli lazima ijazwe tena haraka. Ukichelewa, mwanga unashuka kabla ya kujazwa na jicho linaona kioo kinapepesa.

Dawa ilitoka Japani. Mwaka 2004 Hideo Hosono na wenzake walichapisha kazi yao juu ya transista za oksidi ya indiamu, galiamu na zinki, ambazo karibu hazivuji kabisa. LTPO ni ndoa ya hizo mbili: silikoni inasukuma umeme kwa nguvu, oksidi inalinda chaji isitoroke. Ilionekana kwanza kwenye saa ya Apple Watch Series 4 mwaka 2018. Mwaka uliofuata Series 5 ikaweza kuacha kioo kikiwaka muda wote kwa 1 Hz. Agosti 2020 ikaja Galaxy Note 20 Ultra, na Samsung Display ikadai mfumo wake unapunguza umeme wa kioo kwa hadi asilimia 22. iPhone 13 Pro ilifuata mwaka 2021. Tecno nao wakaiweka kwenye Phantom V Fold mwaka 2023, simu ya bei ambayo si kila mwanafunzi wa chuo wa Malimbe, hapa Mwanza, ataigusa.

Tumchukue mwanafunzi huyo, anasoma ukurasa mmoja wa notisi kwa dakika mbili bila kuusogeza. Kioo kilichofungwa kwenye 120 Hz kitauchora ukurasa uleule mara 14,400. LTPO ikishuka hadi 10 Hz itauchora mara 1,200. Ikifika 1 Hz, mara 120. Usidhani basi betri itadumu mara mia. Kinachopungua ni umeme wa kuchora tu. Umeme wa kuzalisha mwanga unabaki palepale. Ukisimama juani ufukweni na mwanga umefika mwisho, mwanga ndio unaokula betri na faida ya LTPO inakuwa ndogo. Ukicheza gemu ya 120 Hz, faida ni kama haipo.

Balaa jingine ni pale kioo kinapovunjika. Vioo vingi vya kopi si LTPO, na vingine ni LCD ya 60 Hz. Simu inawaka, rangi zinapendeza, lakini uwezo wa kushuka umeondoka na kioo cha zamani. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kupima: bonyeza `Build number` mara saba, ingia `Developer options`, washa `Show refresh rate`, kisha ondoa kidole. Ikibaki 120 muda wote, tia shaka, ingawa baadhi ya simu hushusha kasi ndani ya kioo bila kipimo hicho kuonyesha.

Siku hizi kila boksi limejaa namba kubwa. Kabla hujatoa hela, muulize muuzaji kioo kinashuka hadi ngapi, na fundi muulize kioo anachoweka ni LTPO au kopi. Kama simu yako haina LTPO na siku ni ndefu, ingia kwenye mipangilio ya kioo uiweke 60 Hz.