Kuhesabu Tritiamu na Kaboni-14 kwa Kimiminiko cha Kumetesha

Kuhesabu kwa kimiminiko cha kumetesha ni njia ya kupima unururifu ambamo sampuli huchanganywa ndani ya maji maji yenye kutoa nuru kila yanapopitiwa na chembe ya beta, kisha nuru hiyo ikahesabiwa kwa mirija yenye uwezo wa kuhisi hata mwanga mdogo kabisa. Njia hii ilianza kutumika mwaka 1950, na miaka michache baadaye kampuni ya Packard ya Marekani ikaanza kuuza mashine iliyoitwa Tri-Carb, jina lililofumwa kutokana na tritiamu na kaboni, maana isotopu za tritiamu na kaboni-14 ndizo ambazo mashine hiyo ilikusudiwa kuzipima zaidi ya zote.

Sababu ya kuhitaji njia hii ni udhaifu wa mnururisho wenyewe. Tritiamu, ambayo nusu-uhai wake ni miaka 12.3, hutoa beta isiyozidi kilo-elektrovolti 18.6, na kwa wastani haifiki 6. Beta ya namna hiyo husafiri ndani ya maji mwendo wa mikromita sita hivi tu, kisha ikasimama, hata ukuta mwembamba wa kipimio cha kawaida huwa kwake ngome isiyopenyeka. Kaboni-14, yenye nusu-uhai wa miaka 5,730, ina nguvu zaidi, kwa kuwa beta yake hufika kilo-elektrovolti 156 na wastani wake ni 49. Lakini nayo hupotea kwa wingi njiani ikiwa sampuli imewekwa nje ya kipimio. Kwa hiyo badala ya kuingoja beta ije kwenye kipimio, kipimio chenyewe hutiwa pamoja na sampuli ndani ya kichupa kimoja.

Namna nuru inavyozaliwa

Kimiminiko cha kumetesha kina sehemu tatu. Sehemu kubwa ni kiyeyushi chenye molekuli za duara la benzini, kama tolwini au viyeyushi vya siku hizi visivyowaka upesi. Sehemu ndogo ni kimeteshi, aghalabu PPO, pengine pamoja na kimeteshi cha pili kinachoipokea nuru ya kwanza na kuitoa tena ikiwa ya samawati, rangi ambayo mirija huihisi vizuri zaidi. Na sehemu ya tatu ni sabuni maalumu inayowezesha maji kuchangamana na kiyeyushi bila ya kutengana. Beta inapopita huziamsha molekuli za kiyeyushi, nazo hupokezana nishati hiyo, moja kwa nyingine, mpaka ikakifikia kimeteshi, ambacho hatimaye huitoa kwa sura ya nuru.

Wingi wa nuru hiyo hufuata nguvu ya beta, na hapo ndipo tritiamu inapoonewa na maumbile, kwa kuwa mbunguo wake mmoja hutoa fotoni chache mno. Fauka ya hayo, mirija ya kuzidisha nuru huzaa mapigo ya uwongo kwa sababu ya joto lake yenyewe, hata pasipo sampuli yoyote. Na ili kuyaepuka, kichupa huwekwa baina ya mirija miwili, na pigo halihesabiwi ila likionekana katika yote miwili kwa wakati mmoja. Hadhari hiyo huondoa uwongo mwingi, lakini ina gharama yake: mbunguo ambao fotoni zake zote zimeelekea upande mmoja hautahesabiwa kamwe. Ndiyo maana katika kichupa safi kabisa mashine nzuri huhesabu takriban asilimia 60 ya mibunguo ya tritiamu, ilhali kwa kaboni-14 hufika asilimia 95 hivi. Uwiano huo wa mapigo yaliyohesabiwa kwa mibunguo iliyotokea kweli ndio unaoitwa ufanisi wa kuhesabu.

Uzimaji wa aina mbili

Sampuli za kweli si safi, na kila kitu kinachopunguza nuru huitwa kizimaji. Taa ya chemni yaweza kufifia kwa sababu mafuta yake yamechanganyika na maji, au kwa sababu kioo chake kimepakwa masizi. Na uzimaji nao uko wa aina hizo mbili.

Uzimaji wa kikemia hutokea kabla ya nuru kuzaliwa. Molekuli za kigeni, kama nitromethani, asetoni, kloroformu au kaboni tetrakloridi, na hata oksijeni ya hewa iliyoyeyuka, huidaka nishati ilipokuwa ikipokezanwa kati ya kiyeyushi na kimeteshi, na kuigeuza joto. Athari yake huenea sawasawa katika kichupa kizima: kila pigo, popote lilipozaliwa, hupungua kwa kadiri moja.

Uzimaji wa rangi hutokea baada ya nuru kuzaliwa. Nuru ya samawati hufyonzwa na rangi ya manjano, nyekundu au kahawia iliyomo katika sampuli, kama ile ya damu, ya mkojo au ya majani. Hapa athari si sawa kwa kila pigo, kwa kuwa fotoni iliyozaliwa karibu na ukuta wa kichupa hupita rangi kidogo, na ile iliyozaliwa katikati, au inayoelekea ukuta wa mbali, hupita nyingi. Basi mapigo hutawanyika, mengine yakibaki makubwa na mengine yakififia, na mara nyingi mrija mmoja huona mwanga mwingi huku mwenzake haoni kitu. Tofauti hii baina ya aina mbili za uzimaji ndiyo asili ya makosa mengi yatakayoelezwa hapa chini.

Katika hali zote mbili tritiamu ndiyo inayoumia zaidi. Kaboni-14 inayo akiba ya fotoni. Ikipoteza nusu ya nuru yake, mapigo yake mengi bado yataonekana. Tritiamu haina akiba, na pigo lililokuwa na fotoni chache likipoteza nusu yake hutoweka kabisa katika hesabu.

Kigezo cha nje

Ili kujua ufanisi wa kila kichupa bila ya kukifungua, mashine hutumia kigezo cha nje, yaani kidonge kidogo cha isotopu yenye mionzi ya gama, kama vile sesiamu-137 au bariamu-133, kilichohifadhiwa ndani ya risasi. Kidonge hicho huletwa kando au chini ya kichupa kwa muda mfupi, kisha kikarudishwa. Mionzi ya gama hupenya kioo na kuzigonga elektroni za kimiminiko, na elektroni hizo, zijulikanazo kwa jina la Compton, humetesha kimiminiko kama zifanyavyo chembe za beta. Kwa kuwa wingi wa nguvu zake umejulikana tangu mwanzo, umbo la mapigo yake huonyesha ni nuru kiasi gani iliyopotea: kadiri uzimaji unavyozidi, ndivyo mapigo yanavyosogea upande wa udogo. Mashine hulisoma sogeo hilo na kulitoa kwa nambari moja, ambayo ni faharisi ya uzimaji. Mashine za Tri-Carb huiita tSIE, nayo ni 1,000 kwa kichupa kisicho na kizimaji, ikishuka kuelekea sifuri.

Faharisi hiyo si ufanisi. Ili igeuzwe kuwa ufanisi hapana budi kutengeneza mstari wa uzimaji. Huchukuliwa vichupa kama kumi, kila kimoja kikiwa na kiasi kilekile cha tritiamu kilichopimwa kwa yakini, na kila kimoja kikitiwa nitromethani zaidi ya kilichotangulia. Kila kichupa huhesabiwa, ufanisi wake ukapatikana kwa kugawa mapigo kwa mibunguo inayojulikana, na ufanisi huo ukachorwa dhidi ya faharisi. Kaboni-14 hutengenezewa mstari wake peke yake. Tangu hapo, sampuli yoyote ikisomwa faharisi yake, ufanisi husomwa katika mstari.

Mfano wa damu

Tuchukue mfano wa hesabu. Damu yenye tritiamu imeyeyushwa kwa dawa ya alikali, ikatiwa kimiminiko cha kumetesha, na kichupa kimebaki na rangi ya kahawia. Mashine imehesabu mapigo 960 kwa dakika. Kichupa kitupu cha kulinganisha kimetoa 24. Basi mapigo halisi ni 936. Faharisi imesomwa 120, na mstari wa nitromethani unasema kuwa katika faharisi hiyo ufanisi ni asilimia 15.6. Kugawa 936 kwa 0.156 hutoa mibunguo 6,000 kwa dakika.

Mpimaji mwangalifu, akiiona rangi ile, hataridhika. Atakifungua kichupa na kutia tone la maji yenye tritiamu ya kiasi kinachojulikana, tuseme mibunguo 50,000 kwa dakika. Hicho ndicho kigezo cha ndani. Atasoma faharisi tena ili ahakikishe kuwa tone halikuubadili uzimaji, kisha atahesabu. Mapigo sasa ni 7,460, yaani yamezidi kwa 6,500. Kugawa 6,500 kwa 50,000 hutoa ufanisi wa asilimia 13, wala si 15.6. Basi tritiamu ya damu ile ni 936 kugawa kwa 0.13, yaani mibunguo 7,200 kwa dakika, ambayo ni bekereli 120. Jibu la kwanza lilipungua kwa sehemu moja ya sita, na mashine haikutoa onyo lolote.

Kosa hilo limetokana na mstari uliotengenezwa kwa kizimaji cha kikemia kutumiwa kwa sampuli iliyozimwa na rangi. Rangi ikiwa hafifu, mistari miwili hukaribia kuwa mmoja. Rangi ikikoza hutengana, na kiasi cha kutengana hutegemea mashine na namna inavyoikokotoa faharisi. Tiba ni kutengeneza mstari wa pili kwa rangi inayofanana na ya sampuli, au kuipausha damu kwa hidrojeni peroksidi kabla ya kutia kimiminiko. Lakini peroksidi pamoja na alikali huzaa nuru ya kikemia isiyohusiana na unururifu, na mapigo yake huingia katika sehemu ya chini kabisa, mahali pa tritiamu. Kwa hiyo kichupa huachwa gizani kwa saa kadhaa na kuhesabiwa tena, na ikiwa hesabu inashuka kila mara kwa mwendo usiolingana na mbunguo wa tritiamu, nuru hiyo bado ipo.

Yako makosa mengine ambayo kigezo cha nje hakiwezi kuyaona. Sampuli ikiganda chini ya kichupa, au maji yakitengana na kiyeyushi, beta ya tritiamu hukwama ndani ya tonge lake bila ya kukigusa kimeteshi. Lakini gama hupita kimiminiko chote, na kwa kuwa kimiminiko kilichobaki ni safi, faharisi huwa nzuri huku ufanisi wa kweli ukiwa mdogo sana. Dalili yake ni ukungu au tabaka linaloonekana kichupa kinapoinuliwa mbele ya mwanga, au vichupa viwili vya sampuli moja, kimoja chenye mililita moja na kingine chenye nusu mililita, kutoa majibu yasiyolingana. Hata kigezo cha ndani hakitoshi hapo, kwa kuwa tone jipya huweza kuyeyuka vizuri ilhali sampuli yenyewe imebaki imeganda.

Kwa mujibu wa hayo, faharisi ya kigezo cha nje hukubaliwa kuwa hoja ya ufanisi kwa masharti matatu: sampuli iwe imeyeyuka yote, mstari uwe umetengenezwa kwa kimiminiko kilekile, ujazo uleule na kichupa cha aina ileile, na kizimaji cha mstari kiwe cha jinsi moja na kizimaji cha sampuli. Likikosekana moja kati ya hayo, sampuli au mstari na utengenezwe upya kabla ya ufanisi kusomwa.