Mtoto ana mguu mmoja mfupi? Upasuaji huu una tarehe yake, usiipitishe

Suruali ya shule inaburuta upande mmoja tu. Mtoto akisimama, anakunja goti moja. Soli ya kiatu kimoja inaisha kabla ya nyingine. Mzazi wa Mabibo au Temeke akiona dalili hizi, ampeleke mtoto akapimwe.

Sio dharura ya usiku huo. Ila upo upasuaji mdogo unaosawazisha miguu, na unafanya kazi wakati mtoto bado anakua tu. Akishamaliza kukua, mlango umefungwa.

Upasuaji wenyewe ni upi?

Unaitwa epifisiodesisi. Mfupa mrefu wa mtoto hurefuka kwenye bamba la ukuaji, yaani tabaka la gegedu lililo karibu na ncha ya mfupa. Daktari hulifunga bamba hilo kwenye mguu ule mrefu, karibu na goti. Mguu mrefu unapunguza mwendo, mfupi unaendelea kukua hadi unaufikia. Daktari Mmarekani Dallas Phemister alieleza njia hii mwaka 1933. Siku hizi hufanyika kwa matundu madogo, kwa kutoboa bamba au kulibana kwa skrubu.

Wazazi wengi hushtuka: kwa nini waguse mguu mzima? Kwa sababu kurefusha ule mfupi ni kazi nzito zaidi. Mfupa hukatwa na mtoto hukaa na vyuma kwa miezi. Kwa kawaida, tofauti isiyofika sentimita 2 haihitaji upasuaji, na fundi viatu anaweza kuongeza soli. Kati ya sentimita 2 na 5 ndipo epifisiodesisi inapofaa zaidi. Ikizidi 5, madaktari hufikiria kurefusha.

Kupima vizuri

Futikamba huwekwa kwenye mfupa unaochomoza mbele ya nyonga na kushuka hadi kifundo cha mguu, upande wa ndani. Mtoto alale chali na miguu imenyooka. Goti likikunjwa kidogo tu, au nyonga ikiwa imekaza, namba inadanganya. Uti wa mgongo uliopinda nao unaweza kuinua kiuno upande mmoja, ukadhani mguu ni mfupi wakati miguu iko sawa.

Njia ya kuaminika zaidi ni vipande vya mbao. Mtoto anasimama, vipande vinawekwa chini ya mguu mfupi kimoja kimoja, mpaka kiuno kikae sawa. Unene wa mbao ndio tofauti yenyewe. Kisha hupigwa eksirei ya miguu yote miwili akiwa amesimama, ili kujua ufupi uko kwenye paja au chini ya goti.

Kipimo kimoja hakitoshi. Mtoto aliyevunjika paja, mfano kwa ajali ya bodaboda, mguu wake uliovunjika unaweza kukua haraka kwa muda na kuuzidi mwenzake kama sentimita 1, kisha tofauti ikatulia. Lakini aliyezaliwa na mfupa mfupi, au ambaye usaha kwenye mfupa uliharibu bamba la ukuaji, tofauti yake huongezeka kila mwaka. Namba za kila miezi 6 au mwaka ndizo zinaonyesha yuko kundi gani. Kwa hiyo tunza eksirei zote, hata za zamani.

Hesabu ya tarehe

Daktari hutafuta vitu viwili: tofauti itakuwa kiasi gani mtoto akimaliza kukua, na bamba litakalofungwa lingeongeza kiasi gani kwa mwaka.

Kwa watoto waliozaliwa na tofauti, kuna namba za kuzidishia zilizotolewa na daktari Dror Paley na wenzake mwaka 2000. Mvulana wa miaka 9, namba yake ni 1.38. Msichana wa umri huo huo, ni 1.26. Msichana ana namba ndogo kwa sababu amebakiza ukuaji kidogo.

Kasi ya ukuaji ilirahisishwa na Malcolm Menelaus wa Australia mwaka 1966. Bamba la chini ya paja, juu ya goti, huongeza karibu sentimita 1 kwa mwaka. Bamba la juu ya mfupa wa muundi, chini ya goti, huongeza kama sentimita 0.6. Ukuaji wa miguu huhesabiwa kuisha kwenye miaka 14 kwa wasichana na 16 kwa wavulana.

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 9 aliyezaliwa na paja fupi kwa sentimita 2.5. Zidisha kwa 1.38, unapata karibu 3.5. Hiyo ndiyo tofauti atakayokuwa nayo akiwa mtu mzima. Bamba la paja hutoa sentimita 1 kwa mwaka, hivyo inahitajika miaka 3 na nusu. Rudi nyuma kutoka miaka 16: upasuaji ufanyike akiwa na miaka 12 na nusu.

Angekuwa msichana, 2.5 mara 1.26 ni karibu 3.2. Rudi nyuma kutoka miaka 14, unapata kama miaka 10 na miezi 10. Tofauti ni ile ile leo, lakini tarehe zimepishana zaidi ya mwaka na nusu. Mzazi akisubiri binti afike sekondari, huenda amechelewa.

Umri wa mifupa

Hesabu hii inategemea mifupa, na mifupa haifuati cheti cha kuzaliwa kila mara. Mtoto mwenye selimundu, au aliyekosa lishe kwa muda mrefu, mifupa yake inaweza kuchelewa. Daktari hupiga eksirei ya kiganja cha kushoto na kuilinganisha na picha za kitabu maalumu.

Tuseme yule mvulana ana miaka 12 na nusu, lakini mifupa yake ni ya miaka 11. Amebakiza miaka 5 ya kukua, sio 3 na nusu. Akifungwa bamba sasa, mguu mrefu utapoteza kama sentimita 5 na kugeuka kuwa ndio mfupi. Ndiyo maana madaktari wengi huridhika kubakiza tofauti ndogo kuliko kupitiliza.

Baada ya upasuaji

Mtoto hurudi kupimwa mpaka amalize kukua. Bamba likifungwa upande mmoja tu, mguu huanza kupinda kuelekea ndani au nje. Ukiona magoti hayakai kama zamani, usisubiri tarehe ya kliniki. Urefu wake wa mwisho utafuata ule mguu mfupi, kwa hiyo atapungua sentimita chache. Daktari akueleze hilo kabla hujasaini.

Ukiwa Mabibo, anza kituo cha afya cha karibu na uombe rufaa. Jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na hospitali ya CCBRT Msasani zinatibu mifupa ya watoto. Ukifika, muulize daktari maswali matatu: tofauti itafika ngapi akiwa mkubwa, umri wa mifupa yake ni upi, na tarehe ya upasuaji ni lini. Jibu la swali la tatu liandike kwenye kadi yake.