Bei safi na bei chafu ya hatifungani

bei safi nm [i-/zi-] bei ya hatifungani isiyojumuisha riba iliyokwisha kuzalika tangu malipo ya mwisho ya kuponi.
bei chafu nm [i-/zi-] bei safi pamoja na riba hiyo. Ndiyo fedha anayotoa mnunuzi.

Hatifungani huzaa riba kila siku, ilhali mtoaji wake huilipa kwa vipindi, aghalabu mara mbili kwa mwaka. Siku ya malipo ikifika, kuponi yote hupewa yule ambaye jina lake limo katika daftari la wamiliki, hata kama ameinunua hatifungani wiki moja tu iliyopita. Aliyeuza katikati ya kipindi angepoteza riba ya siku alizoimiliki, lau si mnunuzi kumlipa sehemu hiyo papo hapo wanapokabidhiana. Sehemu hiyo ndiyo *riba limbikizi*.

Tuchukue hatifungani za Serikali ya Kenya, ambazo kipindi chao cha riba ni siku 182 na mwaka wao wa hesabu ni siku 364. Mtu ana hatifungani ya thamani ya usoni ya shilingi 1,000,000, yenye riba ya asilimia 13 kwa mwaka. Kuponi ya kila kipindi ni shilingi 65,000. Anaiuza siku ya 70 baada ya malipo ya mwisho, kwa bei safi ya 98.40 kwa kila shilingi 100, yaani shilingi 984,000. Riba limbikizi ni 65,000 × 70 ÷ 182, sawa na shilingi 25,000. Mnunuzi basi hutoa shilingi 1,009,000, na hiyo ndiyo bei chafu. Baada ya siku 112 hupokea kuponi nzima ya 65,000; akitoa 25,000 alizokwisha kumlipa muuzaji, hubaki na 40,000, ambayo ni riba ya siku zake mwenyewe.

Soko hutangaza bei safi kwa sababu bei chafu hupanda kila siku kwa riba peke yake, kisha huporomoka kuponi inapolipwa. Anayeitazama bei chafu aweza kudhani hatifungani imeshuka thamani kwa shilingi 65,000 usiku mmoja, na kumbe hakuna kilichobadilika ila fedha kuhamia mfukoni mwa mmiliki.

Makosa mengi hutokea katika kuhesabu siku. Huhesabiwa hadi siku ya makabidhiano ya fedha na hati, si siku ya kukubaliana bei. Aidha, kigawanyo hutegemea masharti ya hatifungani yenyewe: mtu akiugawa mwaka wa mfano wetu kwa 365, atapata takribani shilingi 24,932. Upungufu huo wa shilingi 68 ni mdogo kwa hati moja, ila unatosha kuzifanya hesabu za pande mbili zisikubaliane. Pia kuna masoko, kama lile la hatifungani za Serikali ya Uingereza, ambamo daftari hufungwa siku chache kabla ya kuponi. Anayenunua baada ya hapo haipati kuponi hiyo, nayo yote huenda kwa muuzaji. Kwa hiyo riba limbikizi huwa hasi, na bei chafu huwa chini ya bei safi. Mfasiri akikutana na alama ya kutoa mahali hapo asiidhanie kuwa kosa la chapa.

Matumizi. Istilahi zote mbili zina mtego. Sokoni na mitaani, *bei safi* ni bei nzuri, nafuu kwa mnunuzi. *Chafu* nayo, ikiambatana na fedha, huleta fikra ya mali ya uhalifu. Katika maandishi ya wataalamu zinafaa bila maelezo. Katika kijitabu cha wananchi ningependelea *bei pamoja na riba limbikizi* na *bei kabla ya riba limbikizi*, ingawa ni ndefu. *Bei isiyo na riba* haifai, kwa kuwa *isiyo na riba* imeshazoeleka katika huduma za benki za Kiislamu kwa maana nyingine kabisa.

Lililo zito zaidi ni kuandika *malimbikizo ya riba* mahali pa *riba limbikizi*. Msomaji aliyezoea *malimbikizo ya mishahara* ataelewa deni lililopita tarehe yake bila kulipwa. Katika hati ya mauzo, kosa hilo humgeuza mtoaji wa hatifungani kuwa mdaiwa aliyeshindwa kulipa, ilhali tarehe ya kuponi haijafika.

*Mfano sahihi:* Mnunuzi atamlipa muuzaji bei safi pamoja na riba limbikizi hadi siku ya makabidhiano.
*Mfano wa kuepukwa:* Mnunuzi atalipa bei safi na malimbikizo ya riba ya mtoaji.