Kwa nini Kongo ilibaki 180

Kwenye fomu za forodha mara nyingi utakuta nchi imeandikwa kwa herufi, mfano TZ. Lakini takwimu za biashara zikifika Umoja wa Mataifa, kwenye hazina yao inayoitwa Comtrade, kila nchi ina namba ya tarakimu tatu: Tanzania 834, Kenya 404, Omani 512.

Mimi nilidhani ni namba tu. Kumbe zina historia yake. Herufi zinafuata jina, namba inafuata ardhi. Mwaka 1997 Zaire ilipogeuka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ZAR ikawa COD, ila namba ilibaki 180, kwa sababu mipaka haikuguswa. Sudan ni kinyume chake: jina lilibaki, namba ikaenda. Kusini ilipojitenga Julai 2011, ile 736 ya zamani ilistaafishwa. Sudan ikapewa 729, Sudan Kusini 728.

Hapo ndipo watu wanapotegwa. Ukitafuta biashara ya Sudan ya mwaka 2005 kwa 729, hupati kitu, utafikiri hawakuuza chochote. Weka 736, takwimu zinatokea. Lakini usiziunganishe hivi hivi na za 729, maana unalinganisha nchi mbili zisizolingana kwa ukubwa.

Na sisi tumo. Kwenye orodha hiyohiyo ya Comtrade, jirani kabisa na 834, kuna 835 ya Tanganyika ya zamani, na 836: Unguja na Pemba.